Kinga ya Radi kwa Jengo Refu Juu ya Mwamba wa Chale

Mwongozo huu ni wako wewe unayejenga, unayesimamia au unayefunga umeme katika jengo la ghorofa kadhaa pwani ya Kwale, na hasa Chale: kisiwa chenyewe na ukanda wa bara unaokielekea, ambako ukichimba kidogo tu sururu inagonga mwamba wa matumbawe. Pwani haipigwi na radi kama Kisii, Kakamega au kando ya Ziwa Viktoria, lakini masika yakianza, na vuli vilevile, radi zinakuja. Zikija, jengo refu lililosimama peke yake ufuoni, likiwa limezungukwa na minazi na maji, ndilo linalozipokea.

Kinga ya radi ina sehemu tatu: vinasa radi juu ya paa, nyaya za kushukia ukutani, na vyuma vya ardhini, ambavyo mafundi wengi huviita athi. Karibu kila muuzaji atakuonyesha kwanza ile fimbo inayong'aa juu ya paa. Mimi nakushauri uanzie chini. Chale kazi hii huharibika mtaroni, na mtaro ukishafukiwa na vigae vikishalazwa juu yake, hakuna anayekubali kuvunja tena.

Ujue ardhi unayojengea

Kabla ya kununua chochote, pima jinsi ardhi inavyozuia umeme. Kipimo chake ni omu-mita. Fundi huchomeka vijiti 4 kwa mstari mmoja, kwa nafasi sawa, anapitisha mkondo kwenye vile viwili vya nje na kusoma volti kwenye viwili vya ndani. Mita inampa omu, naye anazizidisha hivi:

```
ρ = 2 × π × a × R
```

Hapo `a` ni nafasi kati ya kijiti na kijiti kwa mita, na `R` ni omu zilizosomwa. Nafasi ikiwa mita 2 na mita ikasoma omu 80, ardhi yako ina takriban omu-mita 1000. Udongo wa shamba wenye unyevu unaweza kuwa na omu-mita 100 au chini yake. Mwamba mkavu wa matumbawe unafika 1000 na kupita. Rudia kipimo kwa nafasi ya mita 1, 2, 4 na 8, maana vijiti vikiachana zaidi, kipimo kinafika chini zaidi. Ukiona omu-mita zinashuka sana kwenye nafasi kubwa, chini ya mwamba kuna maji ya chumvi au tabaka lenye unyevu, na hilo ni jambo la kufurahia.

Sasa tazama maana yake kwa athi ya kawaida. Fimbo moja ya mita 3, yenye kipenyo cha milimita 16, ikipigiliwa kwenye udongo wa omu-mita 100 inakupa takriban omu 33. Fimbo hiyohiyo kwenye mwamba wa omu-mita 1000 inakupa takriban omu 335. Hata ukipigilia 6, na ukachukulia kwamba haziingiliani kabisa, bado uko kwenye omu 56. Na hapo tumefikiria kwamba fimbo imeingia na kushikana vizuri na mwamba. Mara nyingi haingii: inapinda, inachanika ganda lake la shaba, au fundi anaikata inapogoma na kuacha nusu mita ardhini chini ya kifuniko kizuri cha zege.

Tuchukue jengo moja la mfano

Tuseme unajenga jengo la ghorofa 6, urefu wa mita 21 kutoka ardhini, msingi wake mita 30 kwa 15, paa la slabu lenye matangi ya maji na paneli za sola. Kiwango cha kimataifa kinachotumika ni IEC 62305. Kinagawa kinga katika madaraja 4, la kwanza likiwa kali kuliko yote. Daraja linachaguliwa kwa hesabu ya hatari: radi ngapi hupiga eneo hilo, watu wangapi wamo ndani, kuna nini cha kushika moto. Kwa mfano wetu tutumie daraja la tatu, ambalo hutosha majengo mengi ya makazi na hoteli. Mwambie mhandisi wako akupe hesabu yake kwa maandishi, kwa sababu vipimo vyote vinavyofuata vinatoka kwenye daraja hilo.

Zungusha pete kabla ya kufukia msingi

Kiwango hicho kinasema wazi kwamba mahali penye mwamba mtupu, athi inayofaa ni ya pete, yaani waya mmoja usiokatika unaozunguka jengo lote, au nondo za msingi zenyewe zilizounganishwa vizuri. Kwa Chale fanya yote mawili.

Chimba mtaro umbali wa mita 1 hivi kutoka ukutani, kina kisichopungua nusu mita. Kwa jengo letu pete itakuwa mita 32 kwa 17. Hesabu ya haraka ya ukinzani wake ni hii:

```
R = 2ρ / (3D)
```

`D` ni kipenyo cha duara lenye eneo sawa na la pete, na hapa ni takriban mita 26. Kwa omu-mita 1000 unapata takriban omu 25. Waya uleule wa shaba ambao ungeishia kwenye fimbo chache zenye omu 56 sasa umekupa chini ya nusu yake, bila kupigilia chochote kwenye mwamba. Ukiunganisha na nondo za msingi, kipimo kinashuka zaidi, kwa kuwa zege lililo ardhini hunyonya unyevu na kupitisha umeme vizuri kuliko mwamba unaolizunguka.

Tumia utepe wa shaba tupu wa milimita 25 kwa 3, au waya wa shaba wa nyuzi wenye milimita za mraba 70. Angalau asilimia 80 ya pete lazima iguse ardhi. Hapa ndipo mwamba unapokuponza: mtaro uliochongwa kwa mtaimbo una kingo na mashimo, na utepe ukilazwa humo unaning'inia juu ya hewa na vifusi vya mawe. Usirudishe vifusi hivyo. Sawazisha chini kwa udongo laini wa kichanga chenye mfinyanzi ulioletwa kutoka bara, laza utepe, kisha uufunike kwa udongo huohuo na kuushindilia. Ukiwa na fedha, ufunike kwa saruji maalumu inayopitisha umeme. Inashika mwamba pande zote na haioshwi na mvua.

Chumvi na makaa usitie. Ni kweli kwamba chumvi hushusha kipimo siku ya kukabidhi kazi, lakini masika moja inatosha kuiosha kwenye mwamba wenye vitundu kama huu, na kabla ya kuondoka inakuwa imeshaanza kula shaba na viungo.

Viungo vya chini ya ardhi viunganishwe kwa kuyeyusha unga wa shaba ndani ya kalibu ya grafiti, si kwa boliti. Mahali pete inapokutana na nondo, kiungo kifunikwe na zege kabisa. Na usichanganye metali ardhini bila kufikiri. Vyuma vya mabati, yaani vilivyopakwa zinki, vikifukiwa kwenye udongo na kuunganishwa na nondo zilizo ndani ya zege, vinageuka betri pamoja nazo, na kinacholiwa ni kile cha zinki. Shaba haina tatizo hilo na nondo za ndani ya zege, ndiyo maana kwa athi ya Chale shaba, ijapokuwa ghali, ndiyo ya kununua.

Sehemu ya kisiwa cha Chale ni kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo. Mtaro usisogee huko wala mti usikatwe kwa ajili ya waya. Ikiwa kiwanja chako kinapakana na msitu, zungumza na wazee wa kaya kabla sururu haijashuka.

Usiikimbilie bahari

Maji ya bahari hupitisha umeme mara elfu kadhaa kuliko mwamba mkavu, kwa hiyo wazo la kupeleka waya ufuoni na kuuzamisha huja haraka. Liache. Radi si mkondo wa taratibu wa stima ya nyumbani. Inapanda kwa maelfu ya ampea ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde, na kwa kasi hiyo waya wenyewe unakuwa kizuizi. Mkondo ukipanda kwa kiloampea 10 kila sehemu ya milioni ya sekunde, kila mita 1 ya waya inabeba takriban kilovolti 10. Ukiupeleka waya mita 60 hadi majini, jengo linabaki na volti zake laki kadhaa kana kwamba bahari haipo. Isitoshe, maji yakipwa ncha ya waya inabaki mchangani, yakijaa kuna watu wanaogelea, na mawimbi ya bamvua hayachelewi kuukata.

Ukubali kwamba volti zitapanda, na uzipandishe pamoja

Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Radi ya kawaida ina takriban kiloampea 30. Ikiingia kwenye pete yako ya omu 25, hesabu ya moja kwa moja inatoa kilovolti 750. Hata ukihangaika hadi omu 10, ambazo kiwango kinazipendekeza, bado ni kilovolti 300. Hakuna athi ya Chale itakayozifanya volti hizo ziwe ndogo.

Lakini volti kubwa peke yake haichomi kitu. Kinachochoma ni tofauti ya volti kati ya kitu na kitu. Ikiwa pete, nondo, mabomba, fremu za madirisha, athi ya bodi kuu na ngao ya kebo ya intaneti vyote vimeshikana, vinapanda pamoja na kushuka pamoja, na mtu aliye ndani hana pa kupitishwa mkondo. Ikiwa fundi wa radi ameweka athi yake, fundi wa stima yake, na fundi wa sola yake, kila moja imejitenga na nyingine, basi cheche itaruka kati yao, na itapita kwenye friji, kwenye pampu au kwenye mkono wa mtu aliyeshika mfereji. Ndiyo maana kiwango, kwa daraja la tatu, kinaangalia zaidi ukubwa na umbo la pete kuliko nambari ya omu: pete yenye nusu kipenyo cha wastani cha angalau mita 5 inakubalika, na yetu ina mita 13.

Kwa hiyo weka upau mmoja mkuu wa shaba karibu na bodi kuu ya stima. Uunganishe na pete kwa shaba isiyopungua milimita za mraba 16, kisha ulete hapo bomba la maji la chuma, athi ya Kenya Power, athi ya sola, fremu ya lifti na ngao za nyaya za simu.

Nyaya zenye stima haziwezi kufungwa moja kwa moja kwenye shaba, kwa hiyo zinaunganishwa kupitia saji aresta, kifaa kinachofungua njia kwa muda mfupi tu volti zinapopanda. Kwenye bodi kuu kiwe cha aina ya kwanza, kilichojaribiwa kwa wimbi la 10/350. Hesabu yake si ngumu: daraja la tatu linakadiria radi kubwa ya kiloampea 100, nusu inaingia ardhini, nusu inatafuta njia kwenye nyaya zinazoingia. Nyaya 4 za fezi tatu na nyutro zinagawana kiloampea 50, kila moja 12.5. Basi soma ubavuni mwa kifaa: kikiandikwa chini ya `12.5 kA` kwa kila nguzo, au kikiandikwa `8/20` tu, hakifai mahali hapo. Nyaya zake za kuunganishia zisizidi nusu mita, kwa sababu ileile iliyokukataza bahari. Kazi ya bodini ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA.

Nyaya za kushukia

Kwa daraja la tatu, nyaya za kushukia ziachane kwa takriban mita 15. Mzunguko wa jengo letu ni mita 90, kwa hiyo zinahitajika 6: moja kila pembe, na moja katikati ya kila ukuta mrefu. Zinakaa barabara bila kulazimisha. Nyaya zikiwa nyingi, mkondo unagawanyika, na kila waya unabeba sehemu yake tu.

Ikiwa jengo bado linajengwa, njia bora ya kushukia ni nondo za nguzo. Chagua nondo moja katika kila nguzo kati ya hizo 6, ipake rangi mpaka juu ili isichanganywe na nyingine, na kila inapoungwa ifungwe kwa klampu au ichomelewe, usitegemee waya wa kufungia tu. Kazi ikiisha pima kutoka paani hadi ardhini: ukinzani usizidi omu 0.2. Ukizidi, kuna mahali nondo imeachana, na nguzo hiyo huwezi kuitegemea. Vipimo vya viungo vya nondo vifanyike pia kila ghorofa kabla zege halijamwagwa, maana baada ya hapo hakuna marekebisho.

Jengo la zamani litahitaji nyaya za nje. Alumini yenye milimita za mraba 50 ni nyepesi, bei nafuu, na haivutii wezi wa vyuma chakavu kama shaba, lakini isiguse plasta yenye unyevu wala udongo. Ishike kwa kibanio kila mita 1, na mita 2 au 3 za chini ubadilishe iwe shaba kwa kiungo cha metali mbili. Maji yaliyopita juu ya shaba yasidondokee alumini wala mabati: chembe za shaba zinatoboa metali hizo. Chagua njia iliyonyooka. Waya ukipandishwa juu ya ukingo wa paa na kushushwa ghafla kama herufi U, radi itaruka kati ya mikono miwili ya U badala ya kuzunguka. Toboa ukingo na uupitishe moja kwa moja.

Juu ya paa

Sasa ndipo tunafika kwenye vinasa radi. Daraja la tatu linadai wavu wenye macho yasiyozidi mita 15 kwa 15. Kwa paa letu la mita 30 kwa 15, zungusha waya ukingoni kote na ukatize mmoja katikati, ukiunganisha nyaya mbili za kushukia za kuta ndefu. Unapata macho mawili ya mita 15 kwa 15 kamili. Waya wa ukingoni ndio muhimu kuliko wote: radi hupenda kingo na pembe kuliko katikati ya paa. Kwa jengo lililo chini ya mita 60, kupigwa ubavuni si jambo la kukuhangaisha.

Vitu vinavyochomoza juu ya wavu vinahitaji fimbo. Wahandisi hutumia mpira wa kufikirika wenye nusu kipenyo cha mita 45 kwa daraja hili, wanaubingirisha juu ya jengo, na popote unapogusa ndipo radi inaweza kupiga. Tuchukue tangi la plastiki lenye kimo cha mita 2.3 kutoka slabu. Fimbo yenye ncha mita 4 juu ya slabu inalinda kimo hicho hadi umbali wa mita 4.3 tu kutoka ilipo. Ukiwa na matangi mawili yaliyopangana, yakichukua urefu wa mita 4, na fimbo iko mita 1 kando, mwisho wa tangi la pili uko mita 5: umebaki nje. Weka fimbo mbili, moja kila upande. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuweka fimbo moja fupi kwenye pembe ya paa na kuamini kwamba paa lote limefunikwa.

Fimbo isikae karibu mno na kitu inachokilinda. Katika jengo lenye nyaya za nje, umbali wa chini kabisa kati ya waya wa radi na pampu, fremu ya sola au antena ni huu:

```
s = 0.04 × 0.44 × 25 = 0.44 m
```

Hapo 0.04 ni ya daraja la tatu, 0.44 ni kwa kuwa nyaya za kushukia ni 3 au zaidi, na 25 ni mita za waya kutoka hapo hadi pete. Basi acha nusu mita ya hewa. Kama kati yao kuna ukuta badala ya hewa, umbali huo uzidishe mara mbili. Ukikosa nafasi, unganisha fremu na mfumo wa radi na uweke saji aresta kwenye nyaya zake, ukijua kwamba sehemu ya mkondo sasa itaingia ndani.

Utauziwa pia kichwa kimoja chenye umbo la kombora, ukiambiwa kwamba kinatoa cheche mapema na kulinda eneo la mita 60, 80 au zaidi. IEC 62305 haikikubalii eneo hilo: inakihesabu kama fimbo ya kawaida ya kimo hichohicho. Ukikinunua, ujue umelipia fimbo moja, na wavu bado unauhitaji. Vile vya zamani vyenye madini ya mionzi vimekatazwa kabisa.

Ikiwa mbele ya jengo kuna banda la makuti, lisimamishie mlingoti wake kando, mrefu kuliko kilele cha banda, na uuunganishe na pete. Waya usilazwe juu ya makuti. Nyaya za taa zinazopita chini ya makuti zipitishwe mbali na upande wa mlingoti.

Linda miguu ya watu

Mnamo tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, wakiwa darasani. Radi huua wengi kwa kupita ardhini: volti hutofautiana hatua kwa hatua, na mkondo unapanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Pete husawazisha ardhi iliyo ndani yake, lakini nje ya pete, na hasa karibu na waya wa kushukia, hatari ipo.

Kwa hiyo waya wa nje usishukie penye mlango, ngazi, bafu la kuoshea miguu la watokao ufuoni, wala kibanda cha bawabu. Mita 3 kuzunguka kila waya wa kushukia, tandaza kokoto zenye kina cha sentimita 15 au lami ya sentimita 5. Sehemu ya waya ambayo mtu anaweza kuigusa ivishwe kihami cha plastiki nene maalumu. Bomba la kawaida la maji linazuia wezi na mikwaruzo, si volti za radi. Bomba la chuma usilitumie kabisa kuvisha waya mmoja: linauzuia mkondo badala ya kuulinda. Na ngurumo zikianza, wageni waondoke kwenye bwawa, ufuoni na chini ya minazi, waingie ndani ya jengo.

Namna ya kupima bila kudanganywa

Mfumo huu ukaguliwe kwa macho kila mwaka, na baada ya kila radi iliyopiga. Kiwango kinaruhusu miaka 2 kwa daraja la tatu, lakini upepo wa chumvi hausubiri. Tafuta unga mweupe kwenye alumini na unga wa kijani kwenye shaba, hasa panapokutana metali mbili. Shika kila kiungo kwa mkono na ukitikise. Kikicheza, kifungue, ukisafishe mpaka metali ing'ae, ukipake grisi ya viungo, na ukikaze upya. Angalia kidirisha cha saji aresta: kikiwa chekundu, kifaa kimekwisha.

Kupima omu za ardhi ndiko kunakodanganya. Fundi atakuja na mita ya kubana, aibane kwenye waya wa kushukia, na kukuonyesha omu 0.3. Kwenye mwamba huu nambari hiyo haiwezekani kuwa ya ardhi. Mita ile imezungusha mkondo wake kwenye shaba yenyewe, ukashuka waya mmoja, ukapita kwenye pete na kupanda waya mwingine, bila kugusa udongo. Inakuthibitishia kwamba pete haijakatika, na hilo ni jema, lakini si kipimo cha athi. Kipimo cha kweli kinahitaji kijiti cha mkondo kilichopelekwa mbali. Mshazari wa pete yetu ni takriban mita 36, na kijiti kikae angalau mara 5 ya hapo, yaani mita 180, kisha kijiti cha volti kisogezwe hatua kwa hatua karibu na asilimia 62 ya umbali huo mpaka usomaji utulie. Usipotulia, kijiti hakijaenda mbali vya kutosha. Pima Februari, kaskazi ikivuma na mwamba umekauka, si Mei.

Siku ya kukabidhiwa kazi, dai karatasi hizi: hesabu ya daraja, mchoro wa pete na viungo vyake, omu-mita zilizopimwa na tarehe yake, ukinzani wa kila nondo iliyopakwa rangi, na picha za mtaro ukiwa wazi, kila kiungo kikionekana na rula kando yake. Fedha ya mwisho isitoke kabla picha hizo hazijafika mkononi mwako. Na mtaro usifukiwe mpaka wewe mwenyewe, au mhandisi wako, umetembea pete nzima na kurudi ulipoanzia.